Deni Langu Limehama, Arbuni Yangu Imepotelea Njiani

Safu ya Barazani, na Maalim Mchokozi wa Ngamiani

Juma hili nimepokea barua nzuri kuliko barua zote nilizopata kupokea kutoka kwa mfanyabiashara, nzuri kwa karatasi yake nzito yenye kung'aa, nzuri kwa maua ya dhahabu yaliyochapwa pembeni, nzuri hata kwa bahasha yake, ambayo Waziri wa Fedha wa nyumbani kwangu ameihodhi kwa matumizi yasiyojulikana. Na baada ya kuisoma toka juu hata chini, kisha toka chini hata juu, nikaona kwamba hamna ndani yake hata jambo moja ambalo mushtiri aliyekwisha kutoa fedha zake ana haja ya kulijua. Wale watakaosema kwamba Maalim ameanza tena, na wale watakaouliza kama nimekunywa dawa ya presha, nawaomba subira kidogo. Nimekwisha kuinywa.

Habari yenyewe ni hii. Katika barabara mojawapo ya Ngamiani, hapa Tanga, ambayo namba yake sitaitaja kwa kuwa majirani wanajuana, palikuwa na maduka mawili yaliyotazamana miaka mingi, moja likiuza vitambaa na la pili likishona. Mtu alinunua kitambaa chake upande huu, akavuka barabara akiangalia bodaboda kulia na kushoto, akapimwa upande wa pili. Na nguo ikitoka fupi, fundi alisema kwamba muuzaji amekata yadi pungufu, na muuzaji akasema kwamba fundi amekata vibaya, ilhali mwenye nguo amesimama katikati ya barabara akiwasikiliza wote wawili. Sasa wamekuwa duka moja, wenye kibao kimoja na jina moja jipya, lililotengenezwa kwa kuchukua kipande cha jina la huyu na kipande cha jina la yule. Mimi si adui wa shauri hilo. Walau tangu leo suruali ikinifika juu ya kifundo cha mguu najua ni mlango upi wa kuugonga.

Ama barua, sehemu yake kubwa ilieleza maana ya jina. Tuliambiwa jinsi lilivyochaguliwa, na rangi za kibao zimekusudiwa kuashiria nini, na kwamba sisi wateja ni familia, neno ambalo kila nilisikiapo dukani mimi hushika mfuko wangu. Kisha yakafuata maneno ya safari ndefu na upeo mpya, kana kwamba wenyewe wanahama kwenda Maskati, ilhali mmoja wao amevuka barabara tu. Kisha shukrani. Kisha, chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, mstari mmoja uliokuwa na kazi: kuanzia sasa malipo yote yafanywe kwa namba ifuatayo.

Nikaichukua barua hiyo, nikatia ndani yake stakabadhi yangu ya zamani, nikaenda. Kwa maana mimi nilikuwa nimetoa arbuni ya shilingi 40,000 kwa koti la shilingi 90,000, koti la harusi ya mpwa wangu, na stakabadhi ilikuwa na muhuri wa duka la ushonaji, tarehe, na sahihi ya fundi mwenyewe, iliyopinda mfano wa nyoka. Kaunta ni mpya, ya kioo. Nyuma yake alikuwapo binti mwenye adabu, ambaye sina kinyongo naye hata kidogo, kwa kuwa yeye hakuandika barua ile wala hakula arbuni yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimefuata koti langu."

Akaitazama stakabadhi mbele na nyuma, akatazama kwenye kompyuta, akaitazama stakabadhi tena. "Hii ni ya duka la zamani, babu. Duka hilo halipo tena."

"Koti je?"

"Halimo kwenye mfumo." Kisha, akiwa bado ameinamia kompyuta, uso ukamng'aa kama mtu aliyepata cha kumsaidia mzee. "Ila jina lako lipo, babu. Unadaiwa shilingi 12,000. Bitana na vifungo."

Ni kweli nilidaiwa. Bitana na vifungo vya koti hilohilo nilivichukua kwa mkopo katika duka la vitambaa, na vikaandikwa katika lile daftari lenye jalada jeusi, kwa kalamu ya risasi, chini ya jina langu. Daftari lile halipo tena, walakini kila mstari uliokuwamo umehamishwa kwa uangalifu wa mtu anayenakili msahafu: jina langu, tarehe, kiasi, hata alama niliyowekewa ya kwamba nakaa karibu na msikiti.

Nikamwambia: basi, mjukuu wangu, toa hizo 12,000 katika zile 40,000 zangu, unibakizie haki yangu, nasi tuachane kwa heri.

"Haiwezekani, babu. Yale yalikuwa maduka mawili tofauti."

Msomaji na asome tena maneno hayo polepole. Mimi ninapodaiwa, maduka ni mamoja; mimi ninapodai, maduka ni mawili. Nimeishi katika mji huu wakati mkonge ulipokuwa dhahabu na wakati ulipokuwa majani, nikaona hila nyingi za wachuuzi, mizani yenye kidole, futi kamba iliyokatwa inchi ya kwanza, mchele uliolowanishwa. Lakini hila ya duka ambalo ni moja asubuhi na mawili adhuhuri, kwa kadiri ya nani ameingia mlangoni, hiyo sikuwa nimeiona.

Na fundi mwenyewe, yule wa sahihi ya nyoka, alikuwapo! Ameketi kwenye kiti kipya hatua chache nyuma ya kaunta, akinywa kahawa. Nikamwita kwa jina lake. Akaja, akanipa mkono, akauliza hali ya Waziri wa Fedha, kisha akanieleza kwa upole kwamba wao wako katika kipindi cha mpito, kwamba kazi za nyuma zinaangaliwa, na kwamba mshirika wake ndiye anayeshika hesabu. Nikamwuliza, je, mshirika wako anajua kwamba una arbuni zetu? Akatazama kahawa yake.

Hapo ndipo nilipoijua ile barua ilikuwa imeficha nini, na kwa nini ilihitaji maua mengi kiasi kile.

Wafanyabiashara wawili wanapochanganya maduka, kila mmoja hutandika mezani alichonacho ili ijulikane fungu lake ni kiasi gani. Bidhaa huhesabiwa, vyombo hutiwa thamani, na madeni ambayo wateja hawajalipa huhesabiwa pia kuwa mali, maana ni fedha zitakazoingia. Ndiyo sababu shilingi 12,000 zangu zilihamishwa kwa heshima ile yote: zilikuwa sehemu ya rasilimali ya mtu. Arbuni ni kinyume chake. Yule aliyeipokea amekwisha kuitumia kwa uzi na kodi ya pango, na kilichobaki ni wajibu wa kushona au kurudisha. Basi akiitaja mezani, fungu lake linapungua.

Tufanye mfano. Fundi ana vyerehani na mashine ya pindo na vitu vinginevyo vya shilingi 5,000,000, na wateja wanadaiwa naye 500,000; akijumlisha atasema ameleta 5,500,000. Muuzaji wa vitambaa naye ameleta vitambaa vya 5,500,000, wakakubaliana nusu kwa nusu. Lakini ikiwa fundi ameshika arbuni za watu za shilingi 800,000 kwa nguo ambazo hajazishona, na fedha zenyewe zimekwisha, basi, duka jipya likizibeba, kwa hakika ameleta 4,700,000 tu. Mali yao wote wawili ni 10,200,000, nusu yake ni 5,100,000, na muuzaji wa vitambaa amepoteza 400,000 siku ileile waliyopigana picha ya kupeana mikono chini ya kibao. Hajui bado. Atajua polepole, kila atakapoingia mzee mmoja akiwa na kikaratasi chenye muhuri wa zamani, na kila kikaratasi kitakuwa ugomvi mpya baina yao.

Kwa hiyo msiniambie kwamba barua ya jina jipya ni jambo la adabu tu, la kuwasalimu wateja. Barua ile haiandikiki kwa ukweli mpaka wale wawili wawe wamekaa kwanza wakafunguliana madaftari. Na ukiona imeandikwa bila ya kutaja yaliyo nyuma, aghalabu ni kwa kuwa hawajafunguliana.

Tena kuna neno la "duka halipo tena", ambalo binti yule alifundishwa na mtu mzima. Kwa wakili ningelipia ushauri, hapa nautoa bure. Jina la biashara unalosajili BRELA si mtu. Halina mikono ya kupokea arbuni wala miguu ya kukimbia nayo. Mwenye kuwajibika ni yule aliyefanya biashara chini ya jina hilo, na jina likifutwa au likibadilishwa, yeye habadiliki. Habari ya kampuni ni nyingine, kwa maana kampuni sheria huihesabu kuwa mtu mbali na wenyewe; lakini maduka yetu haya, ya mtu mmoja au ya ushirika wa wawili, si kampuni, hata kibao kiwe kirefu namna gani. Na kanuni kongwe ya ushirika ni kwamba mtu hawi mdaiwa wa madeni yaliyofanywa kabla hajaingia kwa sababu tu ya kuingia; ni mpaka akubali kuyabeba. Wala fundi hawezi kunikabidhi kwa mdaiwa mwingine pasipo ridhaa yangu, naye akaosha mikono. Maana yake katika koti langu ni nyepesi: ninayemdai koti mimi namjua, na alikuwa anakunywa kahawa. Mshirika wake anaweza kusema kwa haki kwamba hayamhusu. Kama wamekubaliana kuyabeba pamoja, vema sana, lakini hilo haliwi kwa kunuiwa moyoni. Huandikwa, na mahali pake pa kuandikwa pa kwanza ni katika barua ile ya maua.

Nirudi kwenye ule mstari wa chini. Katika nchi hii, ambamo hakuna mtu mwenye simu ambaye hajapata kuandikiwa "ile hela itume kwenye namba hii", mfanyabiashara mwenye akili timamu ameketi akawaandikia wateja wake wote kwamba, kwa kifupi, ile hela waitume kwenye namba hii! Hakusema jina gani litatokea. Mimi nilijaribu. Kabla hujatia namba yako ya siri, simu hukuonyesha jina la anayepokea, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho uliyo nayo ya kujiokoa. Nami nilipofika hapo halikutokea jina jipya, wala la fundi, wala la muuzaji wa vitambaa, bali la kijana nisiyemjua, ambaye baadaye niliambiwa ni mwana wa dada wa mmoja wao, aliyesajili namba kwa niaba. Nikafuta, nikaondoka. Na tapeli wa kwanza atakayeipata nakala ya barua ile hana haja ya kubuni kitu. Atabadilisha tarakimu tu, maua yapo tayari. Stakabadhi za mashine nazo, ambazo zinapaswa kumtambulisha muuzaji kwa jina lake na namba yake ya mlipa kodi, wiki hii zilikuwa bado zikitoka kwa jina la duka la vitambaa, ambalo, kama tulivyoelezwa, halipo tena.

Watu wazima husema kwamba mabadiliko hayakosi mchafuko. Hasha. Nchi mbili nzima, zenye mabaraza na mabendera, ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na kwa miezi sita zikaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kwa urefu wake wote, mpaka Oktoba ndipo likatangazwa jina fupi la Tanzania. Watu wakapata muda wa kuyaona majina yote mawili yakiwa yamekaa pamoja kabla ya kuambiwa wayasahau. Wenye vyerehani vinne wameona hata juma moja la kuandika "zamani fulani na fulani" chini ya kibao ni la kuharibu sura.

Kwa kuwa nimekwisha kukasirika, na karatasi ninayo, nimewaandikia barua ambayo wangalituandikia. Wakiitaka ni yao. Majina watajaza wenyewe, mimi nimeyaacha wazi kwa staha.

"Kwa wateja wetu. Tunawaarifu kwamba tangu tarehe moja ya mwezi ujao, duka la vitambaa na duka la ushonaji, yaliyokuwa yakitazamana katika barabara hii, yatakuwa duka moja kwa jina hili jipya, nasi wawili tulioweka sahihi hapa chini ndio wenyewe. Tutakuwa upande wa duka la vitambaa. Mlango wa pili utafungwa. Majina ya zamani yatabaki chini ya kibao kwa mwaka mzima. Kila aliyetoa arbuni katika duka la ushonaji, arbuni yake tunaitambua sote wawili. Na aje na stakabadhi yake kabla ya mwisho wa mwezi, tuiandike katika daftari jipya mbele ya macho yake na kumpa tarehe ya nguo, au akipenda arudishiwe fedha zake. Asiye na stakabadhi na aje pia, kwa kuwa daftari la vipimo tunalo na majina yamo. Kila anayedaiwa katika duka la vitambaa sasa atalipa hapa, na kama ana arbuni kwetu, kimoja kitatolewa katika kingine. Nguo iliyoshonwa kabla ya leo ikifumuka mshono, tutaishona bure kama tulivyoahidi. Vipimo vyenu vyote tumevihifadhi. Namba ya kulipia ni ile iliyobandikwa kaunta. Jina litakalotokea katika simu yenu ni hili jipya, na likitokea jina jingine lolote, msilipe, njoni. Bei hazijabadilika, isipokuwa ya kudarizi kanzu, ambayo imepanda, na tunaisema hapa ili msije mkaikuta dukani."

Haina maua. Nilimpelekea muuzaji wa vitambaa, kwa kuwa yeye ndiye anayedhulumiwa pamoja nasi bila ya kujua, naye akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Maalim, ukiwaandikia watu habari ya arbuni utawatia hofu, kesho watajaa hapa wote." Nikamwambia, ndugu yangu, watajaa kwa vyovyote, shauri lililobaki ni kama watakuja juma hili wakiwa na stakabadhi mkononi na wewe ukijua hesabu yao, au watakuja mmoja mmoja mpaka mwezi wa Ramadhani, wakati wa kanzu, siku ambazo duka haliwezi kubeba hata ugomvi mmoja. Akanyamaza. Kisha akaniuliza jambo ambalo lilinipa matumaini kidogo juu yake, nalo ni kama najua jumla ya arbuni hizo ni kiasi gani. Nikamwambia hilo amwulize mwenye kahawa, tena leo, na asikubali jibu la mdomo; afungue mwenyewe daftari la ushonaji, atazame kila nguo iliyopimwa isiyo na alama ya kuchukuliwa, maana huko ndiko zilikolala.

Basi wasomaji wangu wa Ngamiani mlio na stakabadhi zenye muhuri wa zamani, msizitupe wala msikubali kuzibadilisha kwa ahadi. Zipigeni picha, mziandike majina yenu nyuma, mwende nazo wakati ambapo wote wawili wako dukani, mkaombe ziandikwe katika daftari jipya kwa sahihi mbili. Mimi deni langu la 12,000 silikani, na fedha zake zimo katika bahasha mkononi mwa Waziri wa Fedha. Zitavuka barabara siku ileile koti litakapovuka, na mpaka hapo duka lile nitaendelea kuliita kwa majina yake yote mawili.